Alama ya chanzo cha habari si alama ya shaka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu lugha zinazomlazimu msemaji kuonyesha amejuaje anachokisema imeweka jedwali lenye safu ya "kiwango cha uhakika", likianza na "hakika kabisa" na kuishia kwenye "shaka". Naomba safu hiyo iondolewe, kwa sababu inapotosha jambo lenyewe.

Chukueni Kitariana, lugha ya eneo la mto Vaupés kaskazini-magharibi mwa Brazili, ambayo mwanaisimu Alexandra Aikhenvald ameieleza kwa kina. Kusema kwamba Juse amecheza mpira, msemaji huanza na "Juse irida dimanika", kisha hana budi kuongeza kiambishi tamati. Akiwa amemwona akicheza, atasema dimanika-ka. Akiwa amesikia kelele za mchezo bila kuona, dimanika-mahka. Akiona viatu vya Juse vya mpira havipo mahali pake, atasema dimanika-nihka, kwa kuwa ameona dalili, si mchezo wenyewe. Ikiwa hana dalili yoyote ila anajua kwamba siku na saa kama hii Juse huwa uwanjani, ni dimanika-sika. Na akiambiwa na mtu, dimanika-pidaka. Viambishi hivyo hivyo hubeba pia wakati, yaani tendo lililopita hivi karibuni. Kwa tendo la zamani vipo vingine. Anayekiacha kiambishi, sentensi yake haijakamilika.

Sasa tazameni ile ya tano. Msemaji aliyeambiwa na mama yake Juse huenda hana shaka hata chembe, lakini bado atatumia -pidaka, kwa kuwa hakuona. Kinyume chake, aliyemwona kwa mbali jioni, naye hana hakika sana kama ni yeye, jicho ndilo lililompa habari. Kwa hiyo uhakika na chanzo ni mambo mawili. Nadhani tunayachanganya kwa sababu Kiswahili chetu hutumia "eti", neno ambalo mara nyingi hubeba dharau au kutoamini pamoja na habari ya kusikia. Kiambishi cha Kitariana hakina mzigo huo.

Kuna majaribio yanayoweza kutenganisha mambo haya mawili, nayo mwanaisimu Martina Faller aliyatumia kwa Kikechua cha Cuzco, Peru, katika tasnifu yake ya 2002. Huko "parashanmi" ni kusema mvua inanyesha, kwa mtu mwenye habari ya moja kwa moja. "Parashansi" ni kwa aliyeambiwa. Jaribio la kwanza ni kukanusha. Sentensi yenye -si ikikanushwa, maana yake huwa "nimeambiwa hainyeshi", kamwe si "sijaambiwa kwamba inanyesha". Ukanushi hugusa mvua, hauigusi njia ya habari. La pili ni la msikilizaji: akijibu "si kweli", anapinga kunyesha kwa mvua, hapingi kwamba mwenzake aliambiwa. La tatu ndilo linalovunja jedwali lenu. Mkechua anaweza kusema, kwa alama ya kuambiwa, kwamba watu fulani wamemwachia fedha nyingi, kisha akaendelea papo hapo kwamba hawakumwachia hata senti moja. Hajajipinga, kwa sababu alikuwa akifikisha maneno ya wengine tu. Akiweka -mi katika nusu ya kwanza, sentensi inagongana. Kama -si ingekuwa alama ya shaka, asingeweza kuitumia kwa jambo analojua kabisa kuwa ni uongo.

Nakiri kuna mpaka. Kikechua kina -chá, cha mtu anayekisia kwa fikra zake, na hicho kweli hubeba kutokuwa na hakika. Kwa hiyo kila kiambishi kinahitaji kupimwa peke yake, wala si sahihi kudai kwamba shaka haimo kabisa katika mfumo wowote.

Makala pia ilidai kwamba katika lugha hizi ni vigumu kudanganya. Ukweli ni kwamba njia za uongo zinaongezeka na kuwa mbili. Mtu anaweza kusema Juse amecheza ilhali hakucheza, na kuweka alama inayolingana na chanzo chake halisi. Au anaweza kusema jambo la kweli kwa alama isiyo ya kweli, kama vile kutumia -ka kwa mchezo aliousikia tu. Hapo tukio ni sahihi, mchezo ulikuwepo, lakini amejifanya shahidi.

Safu ya jedwali iitwe "chanzo cha habari": kuona, kusikia, dalili, ujuzi wa kawaida, kuambiwa. Ikiwa mwandishi ana data juu ya uhakika wa wasemaji, aiweke mahali pake, ikiwa imepimwa kwa sentensi za kukanusha na za kupinga, si kwa kuwauliza wasemaji "una uhakika gani?"