Kabla ya kufunga mkopo mapema, omba hesabu kamili kwa maandishi

Salio unaloliona kwenye simu mara nyingi si kiasi cha kufunga mkopo. Huenda ni deni la msingi tu baada ya rejesho la mwisho, bila riba ya siku zilizopita tangu hapo na bila ada ya kulipa mapema. Ukilipa hilo pekee, linabaki deni dogo linaloendelea kuzaa riba, na baada ya muda unaonekana umechelewesha malipo.

Chukua mkopo wa shilingi 10,000,000 wa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Rejesho ni kama 361,500 kwa mwezi. Ukishalipa mara 18, deni la msingi bado ni kama 5,666,000, yaani zaidi ya nusu, kwa kuwa riba hula zaidi miezi ya mwanzo. Ukitaka kufunga siku 10 baada ya rejesho hilo, riba ni kama 2,794 kwa siku, jumla 27,940. Mkataba ukidai ada ya asilimia 3 ya salio, ongeza 169,980. Utalipa 5,863,920. Ukiendelea hadi mwisho ungelipa 6,507,000, kwa hiyo unaokoa kama 643,000 hata baada ya ada. Ikiwa imebaki miezi 3 tu, ada hiyohiyo inaweza kula karibu faida yote.

Ada itafute kwenye mkataba, sehemu ya malipo kabla ya muda. Angalia asilimia inapigwa kwenye nini: salio, au mkopo wote wa awali? Katika mfano wetu, asilimia 3 ya mkopo wa awali ni 300,000. Angalia pia aina ya riba. Kama ilipigwa kwa mkopo wote tangu mwanzo, muulize mkopeshaji iwapo atafuta riba ya miezi ambayo haijafika. Asipofuta, huna unachookoa.

Barua ya maombi iwe na namba ya mkopo na tarehe utakayolipa. Jibu litenganishe deni la msingi, riba, ada na malimbikizo, lionyeshe riba ya kila siku na tarehe ambayo hesabu inakoma kutumika. Fedha zikichelewa siku 2 kufika, ongeza riba ya siku hizo.

Wanaokatwa kwenye mshahara wawe makini zaidi. Orodha ya makato ikishapelekwa, kato la mwezi huo linaweza kupita hata kama umeshafunga mkopo. Uliza mapema kama limehesabiwa, na litarudishwaje. Ukishalipa, dai barua ya kumaliza deni, hati ulizoweka dhamana, na nakala ya barua ya kusimamisha makato iliyopokelewa na mwajiri.