YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHATI YENYE MISHALE ILIYOGEUZWA

Ndugu Meneja Mauzo,

Utaratibu wenu wa kupokea bidhaa zenye kasoro mnaufahamu, sitawakumbusha. Naandika kuhusu chati yenu ya mtandao wa chakula wa Ziwa Viktoria, na kuhusu niliyotendewa dukani kwenu Jumatatu mbele ya wanafunzi wangu wawili.

Kwenye chati hiyo mshale unatoka kwa sangara kwenda kwa dagaa, kwa dagaa kwenda kwa vijidudu vya majini, kwa vijidudu kwenda kwa mwani, na kwa mwani kwenda kwenye jua. Mchoraji ameufanya mshale kuwa kidole cha mlaji kinachoonyesha windo. Sivyo. Mshale huonyesha nishati inakokwenda, yaani kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayemla. Watoto wangu huusoma "analiwa na": dagaa analiwa na sangara.

Nilimweleza hayo mhudumu wenu kwa upole. Akaichukua chati, akaipindua kichwa chini, akasema: "Si uigeuze tu, Mwalimu?" Watu wakacheka.

Laiti angekuwapo darasani wiki iliyotangulia! Niliuliza: dagaa wakipungua sana, nani atakosa chakula? Zaidi ya nusu ya darasa walijibu vijidudu na mwani, kwa kuwa walifuata mishale yenu. Jibu ni mdiria na sangara, tena sangara ana nafuu kwa sababu anakula pia furu na uduvi. Ndiyo maana tunachora mtandao, hatuchori mnyororo mmoja. Mtoto mmoja aliniuliza kama jua linakula mwani. Nilikosa pa kuficha uso.

Kuna na hili. Katika kila hatua, takriban sehemu moja tu kati ya kumi ya nishati humfikia mlaji. Nyingine hutumika kupumua na kutembea, ikapotea kama joto. Mwani ukiwa na 10,000, vijidudu hupata kama 1,000, dagaa 100, sangara 10. Kwa mishale yenu, 10 za sangara zinazaa 10,000 za mwani. Zinatoka wapi?

Narudia, kwa sababu bado linaniuma. Aliipindua chati. Mbele ya watoto waliotoka kusikia kwangu kwamba mshale una maana, aliipindua na kucheka. Ukiipindua, picha na mshale huzunguka pamoja: bado unatoka kwa sangara kwenda kwa dagaa!

Nilikuja kuomba kubadilishiwa chati sita. Sasa nataka fedha zetu zote, taarifa ya masahihisho kwa kila shule iliyonunua, na mhudumu yule aje kuwaomba radhi wale watoto wawili. Nawapa siku 14. Zikipita, chati hii naipeleka Tume ya Ushindani, na nakala Taasisi ya Elimu Tanzania.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Sita